Takwimu za wafuasi zimenichanganya: nauza viungo Tanga, niandike lugha gani na niposti saa ngapi?

MamaIliki (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Nasaga na kufungasha viungo vya pilau. Iliki na pilipili manga nachukua kwa wakulima wa Amani, mdalasini Muheza, vingine nanunua sokoni. Pakiti ya gramu 100 nauza shilingi 5,000. Wa hapa mjini tunapeleka kwa bodaboda, wa Dar tunatuma kwa basi la asubuhi.

Nina akaunti ya biashara Instagram yenye wafuasi 1,840. Juzi nilifungua `Professional dashboard`, nikaingia sehemu ya wafuasi na kuandika kwenye daftari kila nilichokiona:

`Top locations`: Dar es Salaam 41%, Tanga 14%, Nairobi 9%, Mombasa 6%, Zanzibar 5%.
`Age range`: 25–34 ni 44%, 18–24 ni 29%, 35–44 ni 17%, waliobaki ni wachache.
`Gender`: wanawake 68%.
`Most active times`: nguzo ndefu zaidi ni `6p` na `9p`.

Rafiki yangu mmoja alipoziona hizi namba akasema, wengi wako Dar na Nairobi, na ni vijana, basi andika Kiingereza, biashara ionekane ya kisasa. Nimefanya hivyo wiki sita. Laiki zipo, ila maagizo yamepungua kutoka kama 8 kwa wiki mpaka 4 au 5. Mpwa wangu ndiye anayeposti, na anafuata grafu hiyohiyo: saa sita mchana na saa tisa alasiri.

Sasa nawauliza wenye uzoefu. Hizi namba zinasomwaje? Niandike lugha gani, kwa sauti gani, na niposti saa ngapi?

Kijana_Chumbageni

Shikamoo mama. Kiingereza hapana kwa kweli, hapo rafiki yako kakupoteza. Lakini kuhusu vijana hajakosea. 44 na 29 ni 73%, karibu robo tatu ya watu wako ni vijana. Mimi ningeandika kimtaani kabisa, maneno mafupi, rili za sekunde 15 zenye muziki, "wanangu mpo?", mambo kama hayo. Vijana hawasomi aya ndefu.

Mzee_Mikanjuni

Binti yangu, lugha inabadilishwa kwenye mipangilio ya simu. Ingia Settings, tafuta Language, weka Kiswahili. Mimi yangu niliibadilisha na sasa kila kitu nasoma mwenyewe bila kumwita mjukuu.

MamaIliki

Shikamoo mzee, ahsante sana. Swali langu lilikuwa lugha ya kuwaandikia wateja, siyo lugha ya simu yangu. Ila hilo nalo nitamfanyia mama yangu, amekuwa akilalamika.

Mwana_Pangani

Dada MamaIliki, kazi yangu ni kusimamia akaunti za maduka madogo na nyumba za wageni huku pwani, nina mwaka wa sita sasa. Nianze na saa, maana hapo kuna kosa dogo linalokula posti zako zote.

Umesema nguzo ndefu ni `6p` na `9p`, na mpwa wako anaposti saa sita mchana na saa tisa alasiri. Hiyo `6p` siyo saa sita. Simu inahesabu saa za kizungu, na herufi p ni kuanzia adhuhuri kwenda usiku. Kwa hiyo `6p` ni saa kumi na mbili jioni, na `9p` ni saa tatu usiku. Saa sita ya mchana imeandikwa `12p`, na saa tisa ya alasiri ni `3p`. Tena kila nguzo inabeba saa tatu: ile ya `9p` inaanzia saa tatu usiku inaishia saa sita usiku. Mpwa wako amekuwa akiposti wakati watu wako wapo kazini au wamelala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nimelikuta kosa hili kwenye maduka zaidi ya matatu, na wote waliolifanya ni watu makini. Mtu aliyelelewa na saa zetu akiona 9 jicho lake linasoma tisa.

Dawa ni kuiweka simu kwenye mfumo wa saa 24. Ukipanga posti uone 21:00, hakuna atakayeisoma kama saa tisa.

Kuhusu lugha na sauti, sitaki kukujibu kabla hujanijibu mambo mawili. Kwanza, hao 1,840 waliingiaje? Kidogokidogo, au kuna siku waliingia kwa mkupuo? Pili, una daftari la maagizo linaloonyesha mzigo ulikwenda wapi?

MamaIliki

Kaka, nimekaa nikaitazama hiyo grafu upya nikaona aibu kwa niaba ya mpwa wangu na mimi mwenyewe. Wiki zote hizo.

Wafuasi: mwezi wa kwanza nilikuwa na 780. Nikaungana na ukurasa mmoja wa vichekesho wa Dar tukafanya shindano, mtu afuate kurasa zote mbili, ataje marafiki watatu, mshindi apate kapu la viungo na sufuria. Ndani ya siku nne nilipita 1,600.

Daftari ninalo. Miezi mitatu iliyopita ni maagizo 84: Tanga 38, Dar 33, Mombasa 7, Zanzibar 3, Arusha 3. Nairobi hakuna hata moja. Halafu kati ya wale 38 wa Tanga, 14 ni majirani wanaonijua kwa uso, wengine hata Instagram hawapo.

Mwana_Pangani

Hapo sasa tuna kitu cha kusoma. Fuatana nami taratibu.

41% ya 1,840 ni watu kama 754 wa Dar. 14% ni kama 258 wa Tanga. Ukiwaondoa majirani 14, Tanga inabaki na maagizo 24. Yaani Tanga unapata agizo moja kwa kila wafuasi 11 hivi, na Dar unapata moja kwa kila 23. Nairobi ni wafuasi 166 na agizo sifuri. Ukurasa unakuonyesha Dar kuwa karibu mara tatu ya Tanga, ila mfuasi wa Tanga ana uzito kama mara mbili ya wa Dar. Rafiki yako alisoma umati, hakusoma wanunuzi.

Hata hiyo 41% usiishike kama kitu cha kupimwa kwenye mizani. Mji unakisiwa na mfumo. Mtu anayetumia bando la simu anaweza kuhesabiwa kwenye mji ambao siyo alipokaa. Mimi nina mteja wa Korogwe ambaye wafuasi wake wengi anawajua kwa majina, wapo Korogwe na Mombo, na orodha inasema Dar. Kwa hiyo baadhi ya "Dar" yako huenda ni Muheza au Handeni. Pia orodha inaishia miji mitano. Jumlisha tano zako utapata 75%, robo nzima ya watu wako haionekani pale, na ndiyo maana Arusha imekununulia mara tatu bila kutajwa.

Sasa umri. Wafuasi zaidi ya 800 walikuja kwa siku nne kupitia ukurasa wa vichekesho, wakifuata sufuria. Hiyo 29% ya 18–24 sehemu kubwa nadhani ni hao. Hawana ubaya, ila hawajaja kwa ajili ya viungo. Usibadilishe sauti ya biashara kwa sababu yao.

Njia ya kuhakiki ipo palepale. Rudi `Insights`, ingia `Accounts engaged`, yaani waliolaiki, waliokomenti, waliohifadhi au kutuma posti kwa mwenzao. Hao wana mgawanyo wao wa umri na miji. Tuletee.

MamaIliki

Nimeingia. Nimekuta 83 kwa siku 30, na chini hakuna mgawanyo wowote. Nimekosea wapi?

Mwana_Pangani

Hujakosea. Wakiwa chini ya 100 ndani ya muda uliochagua, mfumo hautoi mgawanyo. Juu pale badilisha siku 30 ziwe 90.

MamaIliki

Imefunguka! Sasa wapo 214.

Miji: Dar 33%, Tanga 27%, Mombasa 11%, Zanzibar 6%, Nairobi 4%.
Umri: 35–44 ni 39%, 25–34 ni 38%, 18–24 ni 7%.
Wanawake 81%.

Kwa kweli nimeshangaa. Hawa ndio watu ninaoongea nao inboksi kila siku, na wale wa juu sikuwa nawatambua.

Kijana_Chumbageni

Dah, 29 imekuwa 7. Nimeelewa. Ila bado 25–34 wapo 38, na mimi nipo humohumo, nina 26. Siyo kwamba sisi hatununui.

Mwana_Pangani

Hujasema uongo mdogo wangu. Tatizo la lile kundi ni upana wake. 25–34 kuna wewe unayepanga chumba Chumbageni, na kuna mama wa watoto watatu anayepika pilau ya maulidi ya watu arobaini. Namba haiwatenganishi. Na umri wenyewe ni ule mtu aliouandika alipofungua akaunti, wengine waliandika mwaka wowote tu. Ndiyo maana nashauri tukishapata namba, twende kwenye komenti na inboksi tusikie watu wanavyoongea.

Na hili liwe wazi: kwenye huo ukurasa hakuna mahali palipoandikwa wafuasi wako wanazungumza lugha gani. Kuna mji, nchi, umri na jinsia basi. Lugha ni sisi tunaikisia kutokana na mji, na hapo ndipo watu wanapotumbukia. Dada, hebu soma komenti zako za miezi hii mitatu, uhesabu watu wamekuandikia kwa lugha gani na wameuliza nini.

BintiMvita

Samahani naingilia, mimi ni wa Mombasa, na akaunti hii naidhania naifahamu, kama siyo hii basi ni ya jirani yake. Posti zilipoanza kuwa za Kiingereza nilidhani duka limeuzwa au sasa ni la watalii. Sikuuliza bei tena. Huku kwetu viungo vya biriani na pilau tunavizungumza kwa Kiswahili hata kama ofisini tunaongea Kiingereza kutwa. Mama mkwe hawezi kunituma kitu kwa Kiingereza.

Ila kuna jambo lingine. Nyinyi wa Tanzania Bara mwasema binzari nyembamba. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni manjano, nikaogopa kuagiza. Sisi twaiita jira. Dada yangu aliyeolewa Unguja aiita uzile. Kitu ni kimoja.

MamaIliki

BintiMvita ahsante mno, umeniamsha. Nimehesabu komenti usiku huu, zipo 131. Kiswahili 117, Kiingereza 9, zilizobaki ni alama tu. Katika zile za Kiswahili, 14 zinauliza kitu kimoja: hii binzari nyembamba ndiyo ipi? Mmoja kaandika kabisa "ndiyo uzile?" na mimi nilimjibu "karibu inboksi" bila kumjibu alichouliza. Niliona ni maswali madogo, kumbe mtu yupo mlangoni anataka kuingia na mimi nimesimama nimeziba.

Mwana_Pangani

Hapo ndipo lugha yako ilipo. Swali la Kiswahili au Kiingereza limekwisha kwa 117 dhidi ya 9. Lililobaki ni Kiswahili cha nani. Mji wa Mombasa na Zanzibar kwenye ile orodha ni asilimia 17 ya wanaojishughulisha na wewe, na wanakwama kwenye jina la kiungo kimoja. Andika majina yote matatu, kila mara.

Na sauti iwe ile unayoitumia ukiongea na mteja dukani. Mama wa miaka 38 wa Tanga hataki kuitwa "wanangu", na hataki kuandikiwa kama ofisi ya serikali. Tuandikie hapa posti moja tuione.

MamaIliki

Nimejaribu hii:

"Karibuni jamani. Jumatano hii tumesaga iliki mpya ya Amani, harufu bado imo mikononi. Mchanganyiko wa pilau: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba (jira kwa ndugu zetu wa Mombasa, uzile kwa wa Unguja). Pakiti gramu 100, shilingi 5,000, inatosha kilo tatu za mchele. Ukiagiza leo usiku, Dar unaupata kesho jioni kwa basi. Mnapikia wageni wangapi wiki hii?"

BintiMvita

Hii ningeagiza. Hapo kwenye "harufu bado imo mikononi" nimeinusa.

Korogwe_Machungwa

Nimesoma uzi wote. Mimi nauza machungwa kwa jumla kupitia Facebook, na nitasema wazi kwamba suala la saa mnalikuza. Posti hazitokei tena kwa mpangilio wa muda. Mimi naposti alfajiri kabla sijaenda shamba, watu wananipigia mpaka siku ya tatu. Sijawahi kutazama hiyo grafu na gari linajaa.

Mwana_Pangani

Kaka, kwenye biashara yako nakubaliana na wewe. Mnunuzi wa jumla anakutafuta mwenyewe, na posti ya kawaida inaweza kutembea siku tatu. Lakini dada anatumia stori sana, na stori inakufa baada ya saa 24. Pia yeye ana basi. Agizo la Dar likiingia saa tisa alasiri au likiingia saa tatu usiku, yote yanaondoka asubuhi ileile. Tofauti ni kwamba saa tatu usiku mteja ana simu mkononi na dada yupo nyumbani kujibu. Alasiri yupo mashineni anasaga.

Grafu yenyewe inasema watu wapo kwenye programu, haisemi wananunua. Ndiyo maana saa siichagui kwa grafu peke yake. Kwa dada ningechukua nguzo ya `9p`, kisha nirudi nyuma kutoka siku ya kupika. Watu wengi wanapika pilau Ijumaa na Jumapili. Mzigo wa Dar unahitaji siku moja njiani. Basi posti ni Jumatano saa tatu usiku kwa Ijumaa, na Alhamisi saa tatu usiku kwa wale wa Jumapili, wabaki na Ijumaa nzima ya kuuliza na kulipa.

Korogwe_Machungwa

Hoja ya basi naikubali. Hoja ya nguzo bado sijaikubali. Mtu akitaka pilau atatafuta tu.

MamaIliki

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki nne kama nilivyoahidi kwa Mwana_Pangani kule inboksi. Kiswahili tu, majina matatu ya binzari, bei wazi, Jumatano na Alhamisi saa tatu usiku. Simu ya mpwa sasa inaonyesha 21:00 na ameandika kwa kalamu nyekundu ukutani juu ya mashine: `6p` saa 12 jioni, `9p` saa 3 usiku.

Maagizo kwa wiki: 6, 9, 8, 10. Mombasa peke yake ni 7 kwa mwezi mmoja, sawa na miezi mitatu ya mwanzo yote. Komenti ya "binzari nyembamba ndiyo ipi" haijarudi hata mara moja. Wafuasi wamepungua 60 hivi, sijawafuata.

Mwana_Pangani

Hongera dada. Mombasa nina hakika ni majina ya viungo, maana hilo lina komenti nyuma yake. Lakini hayo mengine tulibadilisha lugha, bei na saa kwa pamoja, kwa hiyo hatuwezi kusema saa imeleta ngapi. Na namba zako bado ndogo, wiki moja ya arusi mbili mtaani inatosha kuzipandisha. Kama unataka kumjibu kaka wa Korogwe, acha kila kitu kilivyo, badilisha saa peke yake. Wiki mbili posti alfajiri, wiki mbili saa tatu usiku, urudie tena. Na usilifanye Ramadhani. Mwezi ule watu wanashika simu baada ya tarawehe na wakati wa daku, grafu inahama yote, na baada ya Idi inarudi taratibu. Ukiichukua ya Ramadhani ukaitumia Shawwal utajikuta unaposti watu wamelala.

Korogwe_Machungwa

Hilo jaribio nalisubiri kwa hamu. Alfajiri itashinda.

MamaIliki

Nitaanza Jumatano ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, na mpwa ameshaiandika kama 06:00.

Kuna moja limenijia jana. Mama mmoja wa Nairobi, wa kwanza kabisa kutoka kule, ameandika kwa Kiswahili anataka pakiti 20 za arusi. Mpaka Mombasa najua nafanyaje, huwa nawapa watu wanaovuka Horohoro na BintiMvita sasa ananipokelea. Kutoka pale kwenda Nairobi, kuna mtu hapa amewahi kutuma viungo vya kusaga kwa kiasi hicho? Wanadai karatasi gani mpakani?